Taima na sensa ya unyevu wa udongo katika kitalu nyumba kidogo: ni kipi kiamue maji yafunguliwe?

Shamba Dogo (mwenye uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Nina kitalu nyumba chenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 15, ambamo nimepanda miche 240 ya nyanya juu ya matuta, na kila mche una tundu lake moja la dripu. Maji yanatoka kwenye tangi la lita 1,000 lililokaa juu ya jukwaa lenye kimo cha mita 1.5, yanapita kwenye chujio, kisha kwenye vali ya solenoidi ya volti 12, halafu yanaingia kwenye laini. Pampu sina, maji yanashuka kwa mteremko tu.

Mpaka sasa ninafungua na kufunga kwa mkono, lakini siwezi kuwapo kitaluni mchana kutwa, hivyo nataka kazi hiyo ifanywe na vifaa. Nimeshapata taima ya kidijitali ya volti 12 yenye betri yake ndogo ya kutunza saa, sensa tatu za unyevu wa udongo za aina ya kapasita, bodi ya Arduino Nano na relei moja. Ninachoomba kuelezwa ni namna ya kuvifanya taima na sensa vishirikiane. Nikiiachia taima peke yake, itamwaga maji hata siku ya mawingu ambapo udongo wa jana bado umelowa. Nikiiachia sensa peke yake, ninahofia kwamba siku ikikosea hakutakuwa na kitu cha kuizuia.

Lipo na jambo la pili ambalo sijui kama linahusiana na hili. Tangi likiwa limejaa vali inafunguka vizuri, lakini maji yakishuka tangini yanakuwa hafifu mno kwenye laini, hata nikiiunganisha vali moja kwa moja na betri.

Kijana wa Saketi

Ndugu Shamba Dogo, kwa maoni yangu taima haina kazi hapo. Sensa ndiyo inayojua hali ya udongo, kwa hiyo ndiyo inayostahili kuamua. Weka vizingiti viwili kwenye programu: udongo ukikauka kupita kizingiti cha juu, vali ifunguke, ukilowa kufikia kizingiti cha chini, vali ifunge. Nafasi iliyopo kati ya vizingiti hivyo ndiyo itakayozuia relei isiwe inawaka na kuzima kila dakika. Mfumo wa namna hiyo unajiendesha wenyewe iwe jua, mvua au mawingu, na hutahitaji kubadilisha ratiba mimea inapokua.

Mama Matuta

Mimi ninatumia sensa ya unyevu kwa muda mrefu sasa. Nimeitundika katikati ya kitalu, kwenye kimo cha majani na mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, nayo inaamuru vipuliza ukungu vifanye kazi hewa inapokauka. Nakushauri usiiweke karibu na mlango, kwa sababu upepo wa mlangoni utakudanganya.

Shamba Dogo

Ahsante sana Mama Matuta, ila sensa zangu ni za kuchomeka ardhini. Zinapima maji yaliyomo udongoni wala si unyevu wa hewa. Vipuliza sina.

Kijana wa Saketi, wazo lako ndilo nililokuwa nalo mwanzo. Hofu yangu imebaki palepale: sensa ikisoma vibaya usiku nikiwa nimelala, tangi zima litaishia kwenye matuta.

Fundi Mteremko

Nimesoma maswali yote mawili, na kwa kweli yanahusiana. Niruhusuni nianze na hili la taima na sensa.

Kijana wa Saketi amesema kweli kuhusu vizingiti viwili, na mahali ambapo kitu kinachopimwa hubadilika upesi, kama joto la hewa, njia hiyo hufanya kazi vizuri. Udongo haubadiliki upesi hivyo. Maji yanayodondoka juu ya tuta hayaifikii sensa papo hapo. Sensa iliyozikwa sentimita 15 chini, hatua kidogo kando ya tundu la dripu, inaweza kukaa nusu saa au zaidi bila kuona badiliko lolote ilhali vali iko wazi muda wote huo. Itakapoanza kusema kwamba pametosha, maji yaliyo juu yake bado yanaendelea kushuka, na yale yaliyozidi yatapita chini ya mizizi yakiondoka na mbolea uliyoilipia. Kwa hiyo sensa ina uwezo wa kukuambia kama udongo ulihitaji maji kabla hujafungua, lakini haifai kabisa kukuambia ni lini ufunge.

Kazi ya kufunga ipewe taima. Igawe siku katika madirisha mafupi, tuseme ya nusu saa, yaliyoachana kwa muda wa saa mbili hivi. Dirisha linapofunguka, sensa inaulizwa mara moja tu: udongo umekauka kupita kiwango tulichokubaliana, ndiyo au hapana? Ikiwa ndiyo, vali inafunguka na kubaki wazi mpaka dirisha liishe. Ikiwa hapana, dirisha hilo linapita bila maji. Saa mbili zinazofuata zinayapa maji nafasi ya kushuka na kutulia, ili swali la dirisha linalofuata lijibiwe na udongo uliokwisha kupokea maji ya dirisha lililotangulia.

Kuna namna moja ya kuunganisha nyaya ambayo mimi naipenda kuliko zote. Usiipe Arduino umeme wa kudumu. Ipe umeme kupitia taima. Chanya ya volti 12 inayotoka kwenye taima igawanyike mara mbili: tawi moja liende kwenye kipunguza volti cha kutoka 12 hadi 5 kinacholisha bodi, sensa na moduli ya relei, na tawi la pili liende kwenye pini ya COM ya relei. Kutoka NO ya relei waya uende kwenye vali, na hasi ya vali irudi kwenye hasi ya betri. Dirisha likifunguka, bodi inaamka, inasoma sensa, inaamua, basi. Dirisha likifungwa, kila kitu kinazimika. Hata programu ikiganda, hata relei ikinata, maji hayawezi kutoka kupita mwisho wa dirisha, maana umeme wenyewe umekatwa. Pia sensa hazikai na umeme usiku na mchana ndani ya udongo uliolowa, na kwa sensa za bei nafuu hilo huongeza maisha yake.

Kijana wa Saketi

Nimekuelewa kuhusu ucheleweshaji wa maji, mzee wangu, na sikuwa nimeupa uzito unaostahili. Hata hivyo, ucheleweshaji huo unaweza kuandikwa ndani ya programu: fungua dakika kumi, subiri saa moja, soma tena. Arduino ina uwezo huo bila taima ya nje.

Fundi Mteremko

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo kwa mafanikio. Tofauti ni kwamba hapo mlinzi na mwamuzi wanakuwa kifaa kimoja, na kifaa hicho kikikwama vali ikiwa wazi hakuna wa kuifunga. Ukitaka kutumia njia yako, bado weka taima ya nje iwe mpaka wa mwisho, hata kama ni kwa kuruhusu maji kati ya saa 1 asubuhi na saa 10 alasiri tu. Kwa nyanya mpaka huo una faida nyingine: tuta lililoloweshwa jioni hubaki limelowa usiku kucha, hewa ya ndani hujaa unyevu, na magonjwa ya ukungu hupata nafasi.

Bwana Bustani

Mimi sina Arduino. Kifaa changu ni kile cha umwagiliaji kinachofungwa ukutani, kinacholisha vali za volti 24 za mkondo geu. Nimeona kina vituo viwili vilivyoandikwa SENSOR, na kati yake kuna kipande cha waya kilichofungwa tangu kiwandani. Je, ndipo sensa ya udongo inapoingia?

Fundi Mteremko

Ndipo hapo, Bwana Bustani, lakini si sensa yenyewe inayoingia bali mguso wa relei yake. Kile kipande cha waya kinakiambia kifaa kwamba sensa inaruhusu. Ukikitoa na kuweka mahali pake mguso wa relei unaofunga udongo ukiwa mkavu na kuachia udongo ukiwa umelowa, ratiba itaendelea kuhesabu kama kawaida ila vali hazitapata umeme udongo ukiwa na maji ya kutosha. Usiipeleke volti 5 ya sensa kwenye vituo hivyo. Angalia pia kama pembeni pana swichi ya kuamua sensa itumike au ipuuzwe, maana mara nyingi ndiyo inayowachanganya watu. Na kumbuka kwamba kwa njia hii vali inaweza kufungwa katikati ya dirisha udongo ukilowa, jambo ambalo kwa udongo wa kawaida halina madhara.

Sasa turudi kwa vali ya Shamba Dogo. Tafadhali soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake utuambie.

Shamba Dogo

Imeandikwa DC 12V na 0.02–0.8 MPa.

Fundi Mteremko

Basi jibu lako liko hapo. Vali za aina hii hazifunguliwi na sumaku peke yake. Sumaku inafungua kitundu kidogo tu, kisha shinikizo la maji yenyewe ndilo linaloinua utando mkubwa na kuruhusu maji yapite. Shinikizo likiwa dogo kuliko kiwango cha chini kilichoandikwa, utando hauinuki vizuri. Hiyo 0.02 MPa ni sawa na kimo cha maji cha mita 2. Jukwaa lako lina mita 1.5, na maji ndani ya tangi lililojaa yana kama mita moja, kwa hiyo tangi likijaa una mita 2.5, nalo likikaribia kuisha una mita 1.5. Unaanza juu ya kiwango na kumalizia chini yake, na chujio lililopo kabla ya vali linapunguza zaidi. Utando huo huo unahitaji shinikizo ili ujibane wakati wa kufunga, kwa hiyo ukikagua usiku usishangae kuona matone yakiendelea kutoka.

Njia iliyo rahisi kwa mfumo wa mteremko ni vali ya tufe inayozungushwa na mota ndogo ya volti 12. Tundu lake ni pana na haitegemei shinikizo hata kidogo. Ila chagua kwa makini: zipo zinazohitaji umeme ugeuzwe ili zifunge, na hizo umeme ukikatika hubaki wazi. Unayoitaka ni ile ya nyaya mbili inayojirudisha na kufunga yenyewe umeme unapoondolewa, kwa sababu mpango wetu wote umesimama juu ya taima kukata umeme. Inachukua sekunde chache kufunguka na kufunga, na kwa dripu hilo halina neno.

Kama ungebaki na solenoidi, labda kwa kuinua tangi zaidi, ungehitaji pia dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea chanya. Bila dayodi hiyo, koili inapozimwa hurusha volti kubwa inayochoma miguso ya relei na wakati mwingine kuizimisha bodi na kuiwasha upya.

Kijana wa Saketi

Kwa nini asiweke pampu ndogo ya volti 12 kati ya tangi na laini? Tatizo la shinikizo lingeisha.

Fundi Mteremko

Lingeisha, naye angekuwa na kifaa kingine cha kutunza na betri kubwa zaidi ya kuilisha. Pia mtiririko wa kila tundu ungepanda, hivyo muda wa madirisha ungepaswa kupimwa upya kuanzia mwanzo. Si wazo baya, ila kwa miche 240 na eneo tambarare mimi nisingeanza nalo.

Shamba Dogo, kabla ya kupanga ratiba, pima mtiririko halisi. Namba iliyoandikwa kwenye laini ya dripu ni ya kimo cha maji cha mita 10, ambacho huna. Kwenye matundu ya kawaida, shinikizo likipungua hadi robo, mtiririko hupungua hadi nusu. Weka vikombe chini ya matundu machache mwanzoni, katikati na mwishoni mwa laini, kwa dakika kumi, tangi likiwa nusu.

Shamba Dogo

Nimebadilisha vali na kuweka ya tufe yenye mota, na sasa inafunguka vilevile hata tangi likiwa na maji ya chini kabisa.

Laini yangu imeandikwa lita 1.6 kwa saa. Vikombe vingi vimenipa kati ya mililita 104 na 116 kwa dakika kumi, isipokuwa kile cha mwisho wa laini moja ambacho kilipata 70 tu. Nilipofungua ncha ya laini hiyo ilitoa maji yenye matope, na baada ya kuisuuza imekaribia wenzake. Nikichukua 110 kuwa wastani, kila tundu linatoa mililita 660 kwa saa, yaani mililita 330 kwa dirisha la nusu saa.

Nyanya zangu zimeanza kuzaa, na kwa kumwagilia kwa mkono nimekuwa nikizipa kama lita moja na nusu kwa mche kwa siku ya jua kali. Madirisha matano yatatoa lita 1.65, kwa hiyo nimeyaweka kwenye taima hivi: 07:00, 09:30, 11:30, 13:00 na 15:00, yaani la kwanza ni saa 1 asubuhi na la mwisho linaisha saa 9 na nusu alasiri. Kila dirisha likifunguka, kitalu kizima kitatumia lita 79, na siku ambayo yote matano yamefunguka ni lita 396. Tangi litadumu siku mbili na nusu hivi.

Fundi Mteremko

Hesabu yako ni nzuri, na umefanya vyema kuyafikiria madirisha matano kuwa ndiyo kiwango cha juu cha siku kali. Siku ya mawingu sensa itayaruka baadhi. Kumbuka tu kwamba tangi linaposhuka kutoka kujaa hadi kukaribia kuisha, mtiririko hupungua karibu robo. Kwa hiyo usiache lifike chini kabisa ndipo ulijaze.

Sasa tuzike sensa. Usiiweke chini ya tundu la dripu kabisa, kwa sababu hapo udongo hulowa kila mara na sensa itakuambia kila kitu ni shwari wakati mizizi ya pembeni inakauka. Iweke kama sentimita 10 kando ya tundu, ndani ya eneo la mizizi, sehemu ya kupimia ikiwa kati ya sentimita 10 na 20 chini. Zile tatu uzitawanye kwenye matuta tofauti ya katikati, na tuta la pembeni linalopata joto zaidi uliache. Kabla ya kuzika, paka kingo za sensa rangi ya kucha au gundi ya epoksi na ufunike sehemu ya juu yenye vijisehemu vya umeme, kwa sababu maji huingilia kingoni pale ubao ulipokatwa. Kisha shindilia udongo kwa vidole mpaka uigandamane; pengo la hewa pembeni ya sensa hulifanya tuta lililolowa lisomeke kana kwamba ni kavu.

Kuhusu namba, sahau kuipima sensa hewani na kwenye glasi ya maji. Njia hiyo inakuonyesha miisho miwili ambayo udongo wako hautafika kamwe. Mwagilia tuta mpaka lishibe, uliache lichuje siku nzima, usome. Halafu funga maji ya sehemu hiyo tu, na kila unapopita chimba udongo kidogo kwenye kina cha sensa, mbali nayo kidogo, uukamate mkononi. Siku ambayo donge linashikana lakini linavunjika ukiligusa, soma tena. Namba hiyo ya pili ndiyo kizingiti chako. Fanya yote ukiwa umeshaunganisha nyaya zilezile utakazozitumia, maana urefu wa waya hubadilisha usomaji. Na usisubiri mmea unyauke.

Shamba Dogo

Nimefuata maelekezo. Udongo wangu ni tifutifu wenye mfinyanzi kidogo. Baada ya kuchuja, sensa zimesoma 352, 360 na 371. Donge lilipoanza kuvunjika mkononi, ile ya kati ilikuwa kama 430 na nyingine zilikuwa karibu na hapo.

Fundi Mteremko

Tofauti hiyo kati ya sensa ni ndogo na haitasumbua. Ingekuwa kubwa, ungelazimika kuipa kila moja kizingiti chake. Kwa sensa tatu usichukue wastani, chukua thamani ya kati, ili moja ikiharibika isiwavute wenzake. Programu yenyewe ni fupi:

```
const int RELEI = 7;
const int KIZINGITI = 430;

int kati(int a, int b, int c) {
  return max(min(a, b), min(max(a, b), c));
}

void setup() {
  digitalWrite(RELEI, HIGH);
  pinMode(RELEI, OUTPUT);
  delay(5000);
  int u = kati(analogRead(A0), analogRead(A1), analogRead(A2));
  if (u > KIZINGITI) digitalWrite(RELEI, LOW);
}

void loop() {}
```

Kwa sensa hizi namba kubwa maana yake ni udongo mkavu. Nimeandika kwa ajili ya moduli ya relei inayowaka ikipewa LOW, kama zilivyo nyingi, na ndiyo maana HIGH inatangulia kabla ya pini kufanywa ya kutoa. Ukibadilisha mpangilio wa mistari hiyo miwili, pini itatoa LOW kwa kitambo kidogo sana kila bodi inapoamka. Sekunde tano ni za kuruhusu sensa zitulie. Ndani ya `loop` hamna kitu, kwa makusudi.

Mama Matuta

Sasa nimeelewa swali, na ninalo jambo la kuongeza kutoka upande wa mimea, kwa sababu nyaya sizijui vizuri. Sensa inaona mche mmoja tu. Tundu la mche huo likiziba, sensa itasema udongo mkavu siku nzima, maji yatafunguliwa kila dirisha, na miche mingine yote italoweshwa kupita kiasi huku ule mmoja ukinyauka. Kwa sensa tatu hatari inapungua lakini haiishi. Kwa nyanya zinazozaa, kukauka na kuloweka kwa kubadilishana ndiko kunakoleta kupasuka kwa matunda na kuoza kitako.

Dawa yake ni kulisoma tangi. Ikiwa kila dirisha linatumia lita 79, basi maji yanashuka kiasi kilekile kila mara. Chora mistari ubavuni mwa tangi, na jioni ukipita utajua madirisha mangapi yalifunguka bila kuangalia kifaa chochote. Siku ya mawingu ukiona mistari mitano imeshuka, kagua matundu yaliyo karibu na sensa kabla ya kuilaumu sensa. Usiku mistari ikishuka, vali inavuja.

Shamba Dogo

Shikamoo Mama, wazo hilo nimelichukua mara moja. Tangi langu lina kipenyo cha karibu mita 1.1, kwa hiyo lita 79 ni kama sentimita 8 za kushuka. Nimechora tayari. Jana palikuwa na mawingu mpaka mchana na mistari miwili tu ndiyo iliyoshuka.

Mama Matuta

Marahaba mwanangu. Basi linganisha na udongo mkononi kwa muda, usiamini mistari peke yake. Na ukianza kupitisha mbolea kwenye maji, chunguza tena, kwa sababu kwangu sensa za aina nyingi hubadilisha namba chumvi ikiongezeka udongoni.

Fundi Mteremko

Mama Matuta amesema vema kuhusu chumvi. Chumvi ikizidi, sensa hizi nafuu huona udongo kuwa umelowa kuliko ulivyo, na hapo zitaruka madirisha ambayo hazikupaswa kuyaruka. Mwenye uwezo aongeze tensiomita moja, maana yenyewe inapima nguvu ambayo mzizi unatumia kuvuta maji, na chumvi haiisumbui.

Kijana wa Saketi

Nimeipitia programu na nina pingamizi moja. Waya wa hasi wa sensa zote ukikatika, namba zinaweza kupanda juu sana, nayo programu itaona ukame na kufungua maji kila dirisha. Nyaya za ishara za sensa mbili zikigusana na hasi, thamani ya kati itakuwa sifuri, nayo programu itaona udongo umelowa na haitafungua kamwe. Yaani hitilafu moja inamwaga na nyingine inakausha. Inafaa kuweka mipaka: thamani ikiwa chini ya 200 au juu ya 600, ihesabiwe kuwa hitilafu, taa nyekundu iwake na maji yafungwe mpaka mtu aje.

Fundi Mteremko

Mipaka nakubaliana nayo, na namba hizo zinafaa kwa sensa za Shamba Dogo kwa kuwa zake ziko mbali nazo. Kufunga maji ndiko nisikokubaliana nako. Ndani ya kitalu chenye joto, nyanya iliyobeba matunda ikikosa maji siku nzima inaumia kuliko iliyopata madirisha matano siku ambayo ilihitaji matatu, na tayari taima imeweka kikomo. Kwangu hitilafu iwashe taa, lakini maji yatoke kwa ratiba.

Bwana Bustani

Kwangu udongo ni mfinyanzi mzito usiochuja. Madirisha yote matano kwa siku mbili za mawingu yangeozesha mizizi. Mimi ningechagua kufunga.

Shamba Dogo

Ninafikiri kuchukua njia ya katikati: hitilafu ikitokea, dirisha la 07:00 na la 13:00 yafunguke na mengine yapite. Lakini kwa jinsi bodi inavyozimwa kila dirisha linapoisha, haijui ni dirisha la ngapi. Je, niongeze moduli ya saa ya DS3231, au nihifadhi hesabu kwenye kumbukumbu ya EEPROM?

Kijana wa Saketi

EEPROM itatosha kwa kazi hiyo, na maandiko matano kwa siku hayataichosha. Ila hesabu itapotea mahali pake siku umeme ukiyumba katikati ya dirisha, kwa sababu bodi ikiamka tena itadhani ni dirisha jipya. Kwa DS3231 hutapata tatizo hilo, maana bodi inasoma saa yenyewe, lakini sasa utakuwa na saa mbili za kuziweka sawa, ya taima na ya moduli.

Fundi Mteremko

Mimi ningeweka DS3231 na kuikagua kila ninapobadilisha betri ya taima. Tuandikie utakapoijaribu kwa kuchomoa waya wa sensa mwenyewe, mchana ukiwapo, uone kama madirisha yanafuata ulivyopanga.

Shamba Dogo

Nitachomoa waya wa hasi wa sensa zote kwanza, halafu siku nyingine nitazigusanisha ishara za sensa mbili na hasi, na nitaleta hapa mistari ya tangi ya siku zote mbili.